Picha ya Jeraha la Moto: Usitafute Wekundu, Tafuta Unyevu na Maumivu



Sisi ni ndugu watatu wa tumbo moja, wazaliwa wa Unguja. Mkubwa wetu ni muuguzi, na miaka yake mingi ya kazi ameipitisha kwenye wodi ya majeraha ya moto. Wa kati aliolewa Nachingwea, na mdogo akaolewa Ruangwa, huko huko mkoa wa Lindi kwenye mikorosho. Kwa hiyo simu zetu hazikai bila picha. Mawifi, mashemeji, majirani, hata watu tusiowajua wakipewa namba na mtu, hutuma picha ya mkono au mguu ulioungua na swali moja tu chini yake: "Hii ni ndogo, au twende hospitali?"

Leo tunataka kuwaeleza namna tunavyolisoma jeraha la namna hiyo, kwa sababu macho ya kawaida hudanganywa na mambo mawili. La kwanza, karibu picha zote za kufundishia zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, na maelezo yake huanza na neno "wekundu". Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani kabisa. La pili, watu hupima jeraha kwa kilio. Mtoto akilia sana wanasema limeingia ndani, akinyamaza wanasema alhamdulillah ni dogo. Katika moto mara nyingi ni kinyume chake.

Tuanze na ngozi yenyewe. Juu kabisa pana tabaka jembamba, ndilo lenye rangi yetu. Chini yake pana ngozi ya ndani, nene zaidi, yenye mishipa midogo ya damu, mishipa ya fahamu inayosikia maumivu, na mizizi ya vinyweleo. Chini ya hapo ni mafuta. Daktari anaposema "kina cha jeraha" anauliza moto umefika tabaka gani, kwa sababu ngozi hujiota upya kutokea kwenye mizizi ile ya vinyweleo. Ikibaki, kidonda kinafunga chenyewe. Ikiungua yote, hakuna mbegu iliyobaki shambani.

Hivyo kuna daraja nne, na kila moja ina sura yake kwenye ngozi nyeusi.

Daraja la kwanza ni kuungua kwa juu tu. Ngozi haijachubuka, haina lengelenge, ni kavu. Kwenye ngozi yetu hapaonekani wekundu bali sehemu imeiva kidogo kuliko jirani yake, yenye kung'aa, pengine ya rangi ya zambarau iliyokolea. Ukigusa ni moto na panauma. Mvuke wa sufuria ukikupiga mkononi huacha sura hii. Hupona ndani ya wiki moja bila kovu.

Daraja la pili ni pale moto ulipogusa sehemu ya juu ya ngozi ya ndani. Hapa ndipo malengelenge hutokea. Lengelenge likipasuka, chini yake utaona rangi ya waridi, hata kwa mtu mweusi tii, kwa sababu tabaka lenye rangi limeondoka. Pananyevuka, panatoa maji, na panauma vibaya sana, hata upepo ukipita mtu anaruka. Ukibonyeza ile sehemu ya waridi kwa kidole safi kisha ukaachia, inakuwa nyeupe halafu rangi inarudi upesi, kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Hii ina maana damu bado inatembea. Likitunzwa vizuri hupona ndani ya wiki mbili au tatu, na mara nyingi bila kovu kubwa, ingawa rangi ya ngozi inaweza kuchukua miezi kurudi.

Daraja la tatu ni pale moto ulipozama chini zaidi katika ngozi ya ndani. Hapa sura inakuwa na mabaka mabaka. Pana waridi, pana weupe, pana vidoa vyekundu vilivyokolea ambavyo ukivibonyeza havibadiliki. Unyevu umepungua. Maumivu nayo yamepungua, mtu anasikia kwamba unambonyeza lakini hasikii ule ukali. Jeraha hili huchukua zaidi ya wiki tatu kufunga, huacha kovu nene, na likiwa kwenye kiungo kovu hilo huvuta na kukikunja.

Daraja la nne ni ngozi nzima kuungua mpaka chini. Panakuwa peupe kama nta ya mshumaa, au kahawia, au peusi, pakavu, pagumu kama ngozi ya ngoma. Ukibonyeza hakuna linalobadilika. Ukigusa katikati, mgonjwa hasikii kitu, kwa kuwa mishipa ya fahamu yenyewe imeungua. Jeraha hili, likiwa kubwa kuliko sarafu, haliponi kwa dawa ya kupaka. Linahitaji kupandikizwa ngozi.

Mmeona sasa kwa nini kilio kinapotosha? Sehemu inayoliza sana ina mishipa hai. Sehemu nyeupe, kavu na kimya ndiyo ya kuogopwa. Tunapofungua picha, jicho letu haliendi kwenye malengelenge makubwa yanayotisha watu. Linatafuta baka lililotulia.

Lakini kabla ya picha kuna maji, na hapa hatuna utani. Mtu akiungua, mtoe kwenye moto, mvue nguo iliyolowa au yenye moto, isipokuwa kile kilichogandana na ngozi. Mvue pete, bangili na vikuku mara moja, kwani mkono utavimba ndani ya muda mfupi na pete itakuwa kamba. Bi harusi mwenye bangili za dhahabu hadi kwenye kiwiko asione tabu kuzikata. Kisha mwagia jeraha maji ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si dakika mbili. Joto hubaki ndani ya nyama na huendelea kuunguza hata baada ya uji kufutwa, na maji ndiyo yanayolitoa. Hata kama zimepita saa mbili tangu mtu aungue, bado maji yana faida. Mpaka saa tatu tunamwagia.

Ndugu zetu wa Nachingwea na Ruangwa hutuambia, "Dada, nyinyi mjini mna bomba, sisi tuna dumu." Basi tumewafanyia hesabu. Dumu moja la lita 20 lina vikombe 40 vya nusu lita. Mimina kikombe kimoja polepole kwa nusu dakika, halafu kingine, halafu kingine. Vikombe 40 kwa nusu dakika ni dakika 20 kamili. Dumu moja linatosha. Jeraha likiwa dogo, weka beseni safi chini, uchote tena yale yale. Tumia maji safi mliyonayo, yale ya kunywa yakiwepo ndiyo bora. Barafu hapana, kwa sababu hubana mishipa ya damu na kuua ngozi iliyokuwa bado na uhai. Mtoto mdogo akimwagiwa maji muda mrefu hupoa mwili mzima, kwa hiyo mwagia jeraha tu na sehemu nyingine uifunike kanga.

Baada ya maji, funika kwa nailoni safi ile ya kufungia chakula, uilaze juu bila kuizungusha kwa kubana, au kwa kitambaa safi cha pamba kilicholowa kidogo. Basi. Dawa ya meno, unga, samli, mafuta ya nazi, yai, majivu, na ile dawa ya zambarau ya vidonda, vyote viache. Ubaya wake si mmoja. Vinafungia joto ndani, vinaingiza uchafu, halafu vinalificha jeraha. Muuguzi akilipokea limepakwa zambarau, hawezi tena kuona waridi wala weupe, na itambidi alisugue ndipo alisome, na kusugua kunauma kuliko kuungua kwenyewe.

Sasa picha. Ipigwe baada ya kumwagia maji, si kabla. Mpeleke mgonjwa karibu na mlango au chini ya kivuli nje, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya simu usiiwashe, kwa kuwa mwanga wake hugonga kwenye unyevu na kurudi, na sehemu iliyolowa huonekana nyeupe kama iliyokufa. Taa ya njano ya ndani nayo hugeuza waridi kuwa kahawia. Filta za urembo zizimeni kabisa, kwani kazi yake ni kulainisha ngozi na kufuta mabaka, na mabaka ndiyo tunayoyatafuta. Piga picha mbili, moja ya mbali kidogo ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, na moja ya karibu, na kiganja cha mgonjwa mwenyewe kikiwa kando ya jeraha ili tupate kipimo. Kiganja cha mtu pamoja na vidole vyake ni kama sehemu 1 katika 100 ya mwili wake, awe mtoto au mtu mzima. Tena, kama mnaweza, piga video fupi ya sekunde kumi ukibonyeza sehemu ya waridi na kuiachia. Video hiyo ina thamani kuliko picha tano.

Tuwape mfano mmoja uliotokea Ruangwa, wa mtoto wa wifi yetu. Alikuwa na miaka miwili na uzito wa kilo 12. Nyumba ilikuwa na shughuli ya harusi, uji wa asubuhi umeepuliwa ukawekwa chini, na mtoto akalivuta sufuria. Uji ulimwagika kifuani na kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu.

Picha ya kwanza ilifika baada ya kama nusu saa. Ilionyesha kifua na mkono vyeupe kabisa, na mama yake alikuwa akilia kwa hofu kwamba mtoto ameungua mpaka nyama. Mkubwa wetu alimwuliza swali moja: "Mmempaka nini?" Jirani mmoja aliyetaka kusaidia alikuwa amempaka dawa ya meno. Weupe ule haukuwa wa ngozi. Wakaambiwa wachukue dumu, wamwoshe polepole, dakika 20, bila kusugua.

Picha ya pili ilikuwa jambo lingine. Kifuani palikuwa na waridi lililolowa, malengelenge mawili yamepasuka na ngozi yake imejikunja pembeni. Ngozi ile ya lengelenge iliyokufa nayo ni nyeupe, na huwapotosha wengi, lakini huwa utando uliolegea, unaosogea ukiguswa. Mama alipogusa pembeni ya kifua mtoto alipiga kelele. Video ilionyesha rangi inarudi upesi. Kifua kile kilikuwa daraja la pili.

Mkononi, kwenye mkunjo wa kiwiko, palikuwa na baka la ukubwa wa kiganja chake, jeupe lenye vidoa vyekundu, karibu kavu. Mama alipolibonyeza halikubadilika. Mtoto, aliyekuwa akilia kwa kila kitu, hakuongeza kilio alipoguswa pale. Sababu ilikuwa sweta. Uji ni mzito, hunata, na mkono wa sweta uliushikilia kwenye ngozi ile wakati kifuani ulidondoka. Uji ule ule, saa ile ile, mtoto yule yule, na kina tofauti. Kwa hiyo mtu asikwambie "aliungua na uji tu". Kinachoamua kina si joto peke yake, ni joto na muda liliokaa kwenye ngozi. Mafuta ya maandazi yana moto kuliko maji yachemkayo, na mtoto ana ngozi nyembamba kuliko yako, basi muda mfupi unamtosha.

Tukahesabu viganja. Kifua kilikuwa vitatu, mkono kimoja. Jumla vinne, yaani sehemu 4 katika 100 ya mwili. Haikufika kiwango cha kumtikisa mwili mzima, lakini mambo matatu yalitosha kumpeleka hospitali siku ile ile: umri wake, baka lililonyamaza, na kwamba baka hilo lilikuwa juu ya kiungo. Kabla ya kuondoka alipewa parasetamo ya maji. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo kilo 12 ni miligramu 180. Chupa yao iliandikwa miligramu 120 katika mililita 5, ikawa mililita 7 na nusu. Msikisie kwa kijiko cha chai, na someni chupa yenu, kwani zinatofautiana. Wakamfunika kitambaa safi, wakampakata ndani ya kanga, wakaenda hospitali ya wilaya, na picha zile wakazibeba zimwonyeshe daktari jeraha lilivyokuwa mwanzo.

Siku ya tatu likatokea jambo ambalo huwashangaza wengi. Baka la kiwiko lilikuwa limetanuka. Mama alidhani wauguzi wamekosea. Hawakukosea. Jeraha la moto huendelea kubadilika kwa siku mbili tatu za mwanzo. Daktari wa upasuaji wa Birmingham, Uingereza, aitwaye Douglas Jackson, alieleza mwaka 1953 kwamba jeraha lina duara tatu. Katikati pamekufa tayari. Ukingoni kabisa pamevimba tu na patapona. Kati ya hizo mbili pana sehemu ambayo damu yake inatambaa kwa shida, na inaweza kuishi au kufa. Maji ya mapema, kumnywesha mtoto vizuri na kuzuia uchafu ndivyo vinavyoiokoa. Ukavu, barafu na maambukizi ndivyo vinavyoimaliza. Ndiyo maana picha ya saa ya kwanza haitoi hukumu ya mwisho, hata kwa mabingwa wenye jeraha mbele yao. Ikiwa jeraha linabaki nyumbani kwa kuwa ni dogo, litazamwe tena siku ya pili na ya tatu, na kila mara lipigwe picha kwenye mwanga ule ule.

Kifua cha mtoto yule kilifunga kabla ya wiki mbili kwisha. Kiwiko hakikufunga. Wiki ya tatu ilipofika akapewa rufaa, akapandikizwa ngozi kutoka pajani, na mkono ukafungwa kibao ukiwa umenyooka ili kovu lisiukunje. Kwa miezi iliyofuata mama yake alikuwa akimnyoosha mkono mara kadhaa kwa siku na kuukanda kwa mafuta, sasa mafuta yakiwa na kazi yake halali kwa kuwa ngozi ilikwishafunga. Leo anarusha mawe kwenye miembe kama wenzake.

Tuseme pia juu ya malengelenge yasiyotokana na moto, kwa kuwa Nachingwea na Ruangwa tunayapokea kila msimu wa korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Mwanamke anayekaanga au kubangua korosho kwa mkono huamka na malengelenge vidoleni na ngozi nyeusi inayobanduka, na kwenye picha weusi ule huonekana kama daraja la nne. Mara nyingi ni ngozi ya juu iliyochomwa na kuchafuliwa rangi. Mafuta hayatoki kwa maji matupu, kwa hiyo osha kwa sabuni na maji mengi mara tu yakikugusa, usijishike uso wala macho, na wanaobangua wapake mkono mafuta ya kula kabla ya kuanza ili yale makali yasishike. Yakiingia jichoni, ni maji mfululizo na hospitali.

Na nyinyi mabibi harusi, kuna piko. Hina yenyewe ya majani haiunguzi. Piko jeusi, lile lenye dawa ya kupaka nywele, linaweza kuleta malengelenge yenye kuwasha, siku moja mpaka tatu baada ya kupakwa, na hufuata mstari wa ua lenyewe. Moto haufuati ua. Ukiona hivyo osha, usipake tena hata siku ya harusi, na muone daktari likivimba au likienda usoni. Tena mjue kwamba mkono wenye hina au piko ukiungua, picha yake haisomeki kwa rangi. Hapo tegemeeni unyevu na maumivu.

Kuna majeraha ambayo hatutaki picha yake hata kidogo, tunataka mwende. Usoni, viganjani, miguuni kwenye nyayo, juu ya kiungo, na sehemu za siri, yote ni ya hospitali bila kujali kina. Wanawake wengi huungua kifuani, pajani au sehemu za siri wakakaa nyumbani kwa haya, wakisema watatumaje picha ya sehemu hiyo. Dada, usitume. Nenda, omba muuguzi mwanamke, na utasitiriwa. Na jeraha lililo mahali pengine, picha isiwe na uso, itumwe kwa mtu mmoja mnayemwamini, si kwenye kundi la harusi, na ifutwe kazi ikiisha.

Nenda pia ikiwa jeraha limezunguka mkono, mguu au kidole pande zote, kwa kuwa likikauka hubana kama pete na damu haipiti. Nenda ikiwa ni umeme, hata kama alama ni ndogo kama punje ya mtama, kwani umeme huunguza ndani kuliko nje na unaweza kuugusa moyo. Nenda mbio ikiwa mtu alifungiwa kwenye moshi, au sauti imekwaruza, au ana masizi puani na nywele za pua zimeungua. Huyo anaweza kuwa anaongea sasa, na baada ya saa chache koo likavimba. Mtoto mchanga, mjamzito na mzee hawangojwi. Mtoto mwenye viganja kumi vya malengelenge, au mtu mzima mwenye kumi na tano, anahitaji maji ya mshipani, na maji ya kunywa peke yake hayamtoshi. Katika hesabu hiyo sehemu ya daraja la kwanza haihesabiwi. Na baka lolote jeupe, kahawia au jeusi lisilosikia, ni la hospitali hata kama mgonjwa anacheka. Mkifika ulizeni pia chanjo ya pepopunda.

Kwa waliobaki nyumbani na jeraha dogo, angalieni haya kila siku: homa, harufu, usaha, uvimbe au weusi unaotambaa nje ya jeraha, maumivu yaliyokuwa yanapungua yakaanza kuongezeka. Mtoto akitapika, akilegea, akikojoa kidogo, au akitoka vipele na homa, hata kama jeraha lake ni la viganja viwili, siku hiyo hiyo apelekwe. Malengelenge madogo msiyatoboe. Na jeraha ambalo halijafunga zikitimia siku 14 limekwisha kuwaambia lenyewe kwamba ni la kina zaidi ya mlivyodhani.

Tukipokea picha yenu, maswali yetu yatakuwa haya tu, basi tuandikieni majibu yake chini ya picha kabla hatujauliza: ameungua na nini na saa ngapi, mmemwagia maji dakika ngapi, mmepaka nini, viganja vingapi, na ukigusa katikati anasikia? Hilo la mwisho lisisahaulike. Jibu likiwa "hasikii", msingoje tujibu. Tafuteni bajaji.

Wasalaam, ndugu zenu.